Live Aid 1985: kuna kilichobaki, au lilikuwa onyesho tu?

#1 Kibwengo
Wakuu, habari za jioni. Nina hoja, anayeweza kuipangua aipangue.

Tarehe 13 Julai 1985 Bob Geldof na Midge Ure waliwakusanya wakubwa wa muziki wa roki Wembley, London, na wengine uwanja wa JFK kule Philadelphia, kwa ajili ya njaa ya Ethiopia. Muziki ulipigwa saa kumi na sita, satelaiti ikasambaza dunia nzima, simu za michango zikaita usiku kucha. Mfuko wa Band Aid, uliosimamia michango ile, ulipofunga hesabu za 1985 hadi 1991, jumla ilikuwa takriban dola milioni 144.

Hoja yangu ni kwamba pesa zile hazikuacha kitu. Mengistu, mtawala wa Ethiopia wakati ule, alizila, akanunulia silaha, watu wakafa vilevile. Miaka thelathini na kitu baadaye Tigray ikapigwa na njaa tena. Anayejua kitu kilichobaki akitaje kwa jina.

#2 Shehe Mpole
Kilichobaki ni zile dakika ishirini za Queen. Naomba uzi ufungwe.

#3 Nyamwela
Mleta mada upo sahihi, ila umemkamata mtu mwingine. Aliyekula si Mengistu, ni waasi wa TPLF waliokuwa wakipigana naye Tigray, kaskazini mwa nchi. BBC walishalitoa hili mwaka 2010: katika kila dola mia za msaada ulioingia Tigray, tisini na tano zilikwenda kwenye silaha. Wapiganaji walijifanya wafanyabiashara wa nafaka, wakauza magunia yenye mchanga chini, wakalipwa taslimu. Hiyo ndiyo Live Aid yenu.

#4 Karani wa Bohari
Nyamwela, hadithi umeianza vizuri lakini mwisho wake umeuacha nyuma. Kipindi kile cha BBC kilirushwa Machi 2010, na Novemba mwaka huohuo BBC wakaomba radhi hewani. Walikiri kwamba waliacha wasikilizaji waamini fedha za Band Aid ndizo zilizogeuzwa silaha, na ushahidi wa hilo hawakuwa nao. Madai ya wale wapiganaji wa zamani yalihusu misaada iliyovushwa mpakani kutoka Sudan kwa jumla, na waliotajwa nao wakayakana.

Sisemi hakuna hata senti iliyopotea upande ule. Tathmini ya CIA ya mwaka 1985 nayo ilisema sehemu ya fedha zilizokusanywa na waasi kwa jina la msaada ilielekezwa vitani. Lakini kutoka hapo mpaka "Live Aid ilinunua bunduki" ni safari ndefu.

Kibwengo, nawe hoja yako inadhani mgogoro ulikuwa pesa, ziliwe au zisiliwe. Kufikia katikati ya 1985 chakula kilikuwa kinaingia bandarini. Shida ilikuwa kukitoa pale Assab kukipandisha milimani. Tupige hesabu kidogo.

Mtu mmoja umpe nusu kilo ya nafaka kwa siku. Kwa mwezi ni kilo 15. Kambi ya watu 40,000 inahitaji tani 600 kila mwezi. Lori lenye trela linabeba tuseme tani 22, kwa hiyo ni safari 28. Safari ya kwenda na kurudi, ukijumlisha foleni ya bandari, kupakia, kupanda milima na kushusha, tuipe wiki nzima. Lori moja linafanya safari nne kwa mwezi, hivyo unahitaji malori saba. Hayo ni saba yanayotembea. Kwenye barabara ile theluthi moja ya magari ikiwa gereji hujakosea kukadiria, kwa hiyo nunua kumi na moja. Na hiyo ni kambi moja. Watu milioni moja wanataka malori yasiyopungua 250, na waliokuwa na njaa walikuwa mamilioni kadhaa.

Ndiyo maana Mfuko wa Band Aid ulianza kukodi meli na kununua malori yake wenyewe badala ya kununua nafaka tu. Nafaka ya bure kutoka serikali za Magharibi ilikuwepo. Serikali ya Marekani peke yake, kwa Afrika nzima mwaka ule, ilitoa zaidi ya kila kitu ambacho wanamuziki walikusanya.

#5 Jicho la Mjini
Karani umenena. Swali ndogo kutoka huku Nairobi: si Waingereza walileta ndege? Kwa nini wasingebeba kwa ndege tu wakaachana na hiyo barabara?

#6 Karani wa Bohari
Walileta. Hercules za jeshi la anga la Uingereza zilikuwa pale tangu Novemba 1984, zikadondosha magunia sehemu ambazo gari halifiki. Lakini Hercules moja inabeba kama lori moja lenye trela, na mafuta inayokunywa hayana mfano. Gunia la kudondoshwa nalo hufungwa ndani ya gunia lingine, maana likipasuka chini nafaka yote inaingia kwenye vumbi. Ndege ni ya kijiji kilichokatika na barabara. Huwezi kulisha mkoa kwa ndege.

Na lori nalo lina mambo yake. Ukipokea malori ya msaada ya aina tano tofauti, una bohari tano za spea. Springi ya hili haiingii kwenye lile. Kinachokufa kwanza ni matairi, springi, klachi na chujio za dizeli, vitu ambavyo mfadhili hapendi kupiga navyo picha. Tena lazima upeleke mafuta ya kurudia, kwa hiyo baadhi ya magari yako yanabeba dizeli badala ya chakula. Dalili ya kwanza kwamba mambo yameharibika unaiona kwenye karatasi: hati za shehena zinasema tani kadhaa zimetoka bandarini, kambi imesaini pungufu, na katikati hakuna ajali wala wizi ulioripotiwa. Mara nyingi hapo gari limeazimwa na mtu mwenye bunduki.

#7 Kijana wa Posta
Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo uzi mzima. Aliyeazima malori alikuwa na jina: Derg, serikali ya kijeshi ya Mengistu.

Mwishoni mwa 1984 Mengistu alianza kuhamisha watu kutoka Wollo na Tigray kwenda kusini magharibi, Gambella, Illubabor, Wollega na kwingineko. Mpaka zoezi liliposimamishwa mwanzoni mwa 1986, watu karibu 600,000 walikuwa wamehamishwa. Malori yaliyotakiwa kubeba chakula yakabeba watu. Waliojaa kwenye ndege za Antonov za Kisovieti walisafiri wamesongamana hata wengine wakafa njiani. Kuna waliokamatwa wakiwa kwenye foleni ya chakula, baba akapakiwa, mama na watoto wakabaki kambini.

Madaktari Wasio na Mipaka tawi la Ufaransa walisema hadharani kwamba msaada umekuwa chambo cha kuwavuta watu ili wakamatwe. Desemba 1985 wakafukuzwa nchini. Mashirika mengine mengi yalikaa kimya ili yaendelee kufanya kazi. Idadi ya waliokufa katika uhamisho ule inabishaniwa mpaka leo. Madaktari wale walitaja 100,000, wengine wakasema nusu ya hapo.

Kwa hiyo swali la Kibwengo lina jibu: kilichobaki ni somo la jinsi msaada unavyoweza kuwa sehemu ya vita.

#8 Kibwengo
Naam! Ndicho nilichosema #1.

#9 Kijana wa Posta
Hapana mkuu, ulisema Mengistu alikula pesa. Hakuwa na haja ya kuiba. Angalia sarafu.

Birr ilikuwa imefungwa kwenye kiwango rasmi cha 2.07 kwa dola moja, huku mtaani dola ikibadilishwa kwa birr nyingi zaidi. Shirika likitaka kukodi ghala, kulipa vibarua, kukodi malori ya ndani au kulipa tozo za bandari, lilipaswa kupeleka dola benki ya serikali likapewa birr kwa kiwango kile. Ukiingiza dola milioni moja unapata birr milioni mbili na elfu sabini. Unazitumia zote kwa uaminifu, risiti unazo, mkaguzi anafurahi. Dola milioni moja zimebaki benki kuu ya Mengistu, na dola ndiyo anayohitaji kununulia vitu nje. Hesabu zako ni safi kabisa na bado umemfadhili.

Tena chakula chenyewe kikipita upande wa serikali kinafika miji ambayo jeshi limeishika. Wenye njaa wengi walikuwa vijijini, kwenye maeneo ya waasi. Mtafiti Alex de Waal ameandika mengi juu ya hili: ukame ulikuwepo, lakini operesheni za kijeshi Tigray zilianza kabla ya mvua kukosekana, na ndege za kivita zilikuwa zikipiga masoko, ndiyo maana biashara ya nafaka ikafanyika usiku. Huwezi kutibu hilo kwa gitaa.

#10 Karani wa Bohari
Hoja ya sarafu naikubali yote. Ila ongeza kwamba Mfuko wa Band Aid ulipeleka fedha pande zote mbili. Vyama vya misaada vya Eritrea na Tigray vilivyopitishia chakula Sudan navyo vilipata. Mashirika mengi yaliyofanya kazi Addis yaliogopa kabisa kugusa upande ule, au yalifanya kwa mlango wa nyuma kupitia muungano wa makanisa uliokuwa Khartoum. Kwa fedha za serikali hilo lilikuwa gumu, maana serikali hainyanyui mguu bila kuangalia itifaki. Fedha za mashabiki wa muziki hazikuwa na bendera. Hapo ndipo naona faida halisi ya tamasha kuliko ukubwa wa kapu.

#11 Mama Kisima
Shikamooni wakubwa, nisameheni kuingilia. Mimi nimesoma kichwa cha habari nikadhani mnajadili jinsi ya kuandaa tamasha la hisani. Kikundi chetu cha kina mama kinataka kualika kwaya na bendi moja ya dansi tuchangie kuchimba kisima. Kuna mtu ametuambia tuuze tiketi kwanza, usajili utakuja baadaye tukishajua tumepata kiasi gani. Ni sawa?

#12 Shehe Mpole
Marahaba. Mama, umeingia nyumba siyo lakini chakula kipo, karibu.

#13 Hesabu Safi
Mama Kisima, marahaba. Si sawa, na swali lako limegusa mada kuliko unavyodhani, kwa sababu kosa hilohilo lilifanywa na George Harrison wa Beatles.

Agosti 1, 1971 yeye na Ravi Shankar waliandaa tamasha la Bangladesh ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Maonyesho mawili siku moja, mchana na usiku, watu kama 40,000 kwa jumla. Wakimbizi wa vita ya Bangladesh walikuwa wamejaa India kwa mamilioni, kwa hiyo kila kitu kilifanywa haraka, wiki chache tu za maandalizi. Fedha za kiingilio, dola 243,000 na ushee, zilipelekwa UNICEF bila taabu.

Balaa lilikuja kwenye albamu na filamu, ambako ndiko pesa kubwa ilikokuwa. Waandaaji hawakuwa wamelisajili tamasha kama kazi ya hisani kabla ya kufanyika. Mamlaka ya kodi ya Marekani ikaona mapato yanaingia kwenye kampuni ya muziki kama mapato mengine yoyote, ikataka kodi. Kampuni za rekodi nazo zikavutana nani agharamie nini na nani apate mgawo gani. Mamilioni yakakaa yamezuiwa karibu miaka kumi. Dola milioni 8.8 zilitoka mwanzoni mwa miaka ya themanini. Waliokuwa wakimbizi wachanga mwaka 1971 walikuwa wameshaanza shule.

Uingereza ikawa vilevile. Serikali ilikataa kusamehe kodi ya mauzo kwenye albamu ile. Band Aid walipotoa wimbo wao Desemba 1984 serikali ya Thatcher nayo ilikataa kusamehe kodi, lakini kelele zikawa nyingi mpaka ikatoa mchango wenye thamani sawa na kodi iliyokusanya. Waandaaji wa 1985 walisoma makosa ya 1971: mfuko uliandikishwa mapema, wasimamizi wakiwa watu kama Harvey Goldsmith, Michael Grade na mwanasheria John Kennedy, wasiolipwa.

Kwa kikundi chenu, Mama: fanyeni usajili kwanza, au mshirikiane na taasisi iliyokwisha sajiliwa, parokia au msikiti, kwa barua yenye saini. Akaunti ya tamasha iwe peke yake, watie saini watu wawili au watatu wasio wa nyumba moja. Kabla ya tiketi ya kwanza kuuzwa andikeni ukumbi, vyombo na nauli ya bendi vitalipwa kutoka wapi, maana kiingilio kikianza kulipa jenereta hakirudi tena. Muulizeni ofisa utamaduni wa wilaya habari za vibali. Na kama mtu atarekodi video, mwandikiane ni ya nani. Harrison aliumia hapo hapo, si mlangoni.

#14 Mama Kisima
Ahsante sana mwanangu. Hiyo ya video hatukuifikiria kabisa.

#15 Msoma Mikataba
Naona wote mmebaki 1985. Matunda ya kudumu yako 2005. Tamasha la Live 8 lilifanyika Julai 2, mataifa manane makubwa yakakaa Gleneagles, Scotland, siku chache baadaye, wakafuta madeni ya nchi 18, dola bilioni 40. Tanzania tumo, Uganda imo, Rwanda imo. Ndiyo maana ada ya shule ya msingi ikafutwa. Geldof yule yule, tena safari hii hakuomba pesa, aliomba sauti. Kitu kilichobaki umekipata, Kibwengo?

#16 Hesabu Safi
Tarehe zako zinagongana, ndugu yangu. Mawaziri wa fedha walikubaliana kufuta madeni yale London tarehe 11 Juni 2005. Tamasha likafuata wiki tatu baadaye. Gleneagles viongozi waliweka mhuri tu. Na ada ya shule ya msingi Tanzania ilifutwa 2001, kwa mpango wa msamaha wa madeni wa kabla yake, miaka minne kabla Geldof hajapanda jukwaa la Live 8 pale Hyde Park, London.

Kilichoahidiwa Gleneagles chenyewe, yaani msaada kwa Afrika kuongezwa dola bilioni 25 kwa mwaka ifikapo 2010, hakikufikiwa.

#17 Msoma Mikataba
Sawa, mawaziri walitangulia. Lakini waziri wa fedha anakubali kwa sababu gani mwezi Juni? Kwa sababu anajua Julai kuna umati unakuja. Tamasha lilitangazwa Mei 31. Na kabla ya hapo kampeni za kufuta madeni zilikuwa zimepiga kelele tangu miaka ya tisini. Shinikizo halianzi siku muziki unapopigwa.

#18 Kijana wa Posta
Basi sifa wapewe walioandamana tangu miaka ya tisini, makanisa na vyama vya wafanyakazi. Wapiga gitaa walipanda basi likiwa limeshafika kituo cha mwisho, wakapiga picha na dereva.

#19 Jicho la Mjini
Na sisi Wakenya? Hatukuwa kwenye hiyo orodha ya 18.

#20 Hesabu Safi
Hamkuwa. Hesabu zilionyesha deni la Kenya linalipika, kwa hiyo ilikosa sifa. Kongo na Burundi hazikuwepo pia, hizo zilikuja kufikia vigezo baadaye. Kwa hiyo hata ukimpa Geldof sifa zote, aliyeamua nani apone ni fomula ya uwiano wa deni na mauzo ya nje.

#21 Jicho la Mjini
Ngoja niwakumbushe kitu ambacho watu wanasahau kila Live Aid ikitajwa. Geldof hakuota ndoto. Aliona taarifa ya BBC ya Oktoba 23, 1984, Michael Buerk akisimulia kutoka kambi ya wenye njaa ya Korem, kaskazini mwa Ethiopia. Picha zile zilipigwa na Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam, yule yule aliyepiga picha mapinduzi ya Zanzibar na baadaye akafungwa gerezani huko huko visiwani. Tume ya misaada ya Ethiopia ilishatoa ombi la chakula Machi mwaka ule, ikapuuzwa. Ombi la maandishi lilikaa miezi saba, picha za Amin zikafanya kazi siku moja.

Amin alifariki Novemba 1996 kwenye ile ndege ya Ethiopia iliyotekwa ikaangukia baharini Comoro. Kabla ya hapo alikuwa amepoteza mkono Addis mwaka 1991 ghala la silaha lilipolipuka, na akarudi kazini na mkono wa bandia. Mkitaja waliobadilisha kitu 1984, anzeni na huyo.

#22 Karani wa Bohari
Hapo umeleta jambo. Na kuna kitu kilichobaki kinachotokana na ombi lile kupuuzwa: mfumo wa tahadhari ya njaa, FEWS, ulioanzishwa na Wamarekani 1985. Unaangalia mvua na majani kwa satelaiti, bei ya nafaka sokoni, bei ya mbuzi. Mbuzi akishuka bei wakati mtama unapanda, ujue familia zinauza mifugo kununua chakula na mna miezi michache tu. Umeendelea kutumika kwa miongo. Siwezi kusema tamasha liliuzaa, ila vyote vilitoka kwenye fedheha moja.

#23 Kijana wa Posta
Tahadhari 1984 ilikuwepo, umesema mwenyewe Jicho. Kilichokosekana ni nia ya kusikia. Tigray ya 2020 hadi 2022 hakuna aliyehitaji satelaiti kujua. Barabara zilifungwa kwa vita, basi.

#24 Nyamwela
Mimi bado nasema ile ripoti ya CIA ya 1985 inatosha.

#25 Karani wa Bohari
Inatosha kwa nini sasa? Inahusu fedha za waasi wenyewe.

#26 Nyamwela
Fedha ni fedha. Mtu akikulipia unga, ya kwako unanunulia risasi.

#27 Kijana wa Posta
Kwa mara ya kwanza leo nakubaliana na Nyamwela. Ndiyo hoja yangu ya birr ikiwa imevaa nguo za upande wa pili.

#28 Bi Mkubwa wa Mombasa
Nimewasoma nyote, hamjambo. Mnapima kwa tani na dola, mie napima kwa picha iliyobaki vichwani. Shirika la VSO la Uingereza lilifanya utafiti, likautoa mwanzoni mwa miaka ya 2000, likakuta Waingereza wanane katika kila kumi wakisikia nchi maskini wanaona njaa, maafa na msaada wa Magharibi. Wakauita urithi wa Live Aid. Miaka zaidi ya kumi na tano imepita na mtu bado anaona mtoto wa Korem tu, hajui Addis ina maghorofa. Hicho nacho ni kitu cha kudumu, Bwana Kibwengo, uliomba kitajwe kwa jina.

#29 Kibwengo
Nimekubali, bi mkubwa, ila hicho ni hasara.

#30 Hesabu Safi
Kabla hamjahesabu hasara tu, kuna mtoto wa Live Aid ambaye bado anatembea. Pale Philadelphia Bob Dylan alisema jukwaani kwamba ingefaa sehemu ya fedha iwasaidie wakulima wa Marekani wanaodaiwa na mabenki. Geldof alichukia, akaona amechanganya njaa na mikopo. Lakini Willie Nelson, Neil Young na John Mellencamp wakalichukua, na Septemba 22, 1985 wakafanya Farm Aid huko Champaign, Illinois. Imekuwa ikirudi karibu kila mwaka tangu hapo. Mwaka 1987 bunge la Marekani likapitisha sheria ya mikopo ya kilimo iliyowapa wakulima nafasi ya kupanga upya madeni yao kabla ya kunyang'anywa shamba.

Tofauti mnaiona? Wasikilizaji wa Farm Aid ni wapiga kura wa nchi ileile yenye tatizo. Mbunge wao anaogopa kukosa kura. Mengistu hakuwa na mpiga kura Wembley.

#31 Msoma Mikataba
Kwa hoja hiyo Live 8 ilifaa kuliko Live Aid, maana iliwalenga wapiga kura wa nchi nane zenye kudai. Mmenizunguka weee, mmerudi kwangu.

#32 Kijana wa Posta
Na mashamba madogo ya Marekani yameendelea kupungua miaka yote hiyo Farm Aid ikiimba. Sheria ya 1987 ilisukumwa na wakulima waliokwenda Washington na matrekta yao tangu mwishoni mwa miaka ya sabini. Tunarudi palepale: nani alifanya kazi, nani alishika kipaza sauti.

#33 Karani wa Bohari
Kijana, wewe kila kitu unawapa waandamanaji. Lori lililofika Korem lilikuwa lori, lilibeba tani 22, watu kama 1,460 wakala mwezi mzima. Hao uwaweke safu gani kwenye hesabu zako?

#34 Kijana wa Posta
Safu ya walioishi. Kisha niambie wangapi kati yao walipakiwa kwenye Antonov wiki iliyofuata, nijue kama niwahamishe safu.

#35 Jicho la Mjini
Wakati mnapigana, mmeona kwamba London yote ile ya 1985 iliimba juu ya Afrika bila Mwafrika hata mmoja jukwaani?

#36 Shehe Mpole
Sade alikuwepo Wembley. Amezaliwa Ibadan. Jicho, angalia vizuri, jina lenyewe umejipa.

#37 Jicho la Mjini
Haya, mmoja. Na 2005 Hyde Park tukapewa Youssou N'Dour akishirikiana na Dido, wengine wakapelekwa Cornwall, mwendo wa saa kadhaa kutoka London, kwenye tamasha la Peter Gabriel. Miaka ishirini ilipita, tumetoka mmoja tukafika mmoja na wenzake wa pembeni.

#38 Shehe Mpole
Lakini Queen waliimba vizuri.